Makala, gazi, umeme: sufuria ya maharagi inakula feza ngapi?



Kila mara tunapozungumza juu ya bei ya makala, mtu mmoja anasimama na kusema: «Kura inakula feza mingi, muache wamama na mbabula zao.» (Kura ya taa, si ile ya uchaguzi, ile nayo inakula, lakini hiyo ni habari ya siku ingine.) Halafu mwingine anajibu kwamba gazi njo rahisi kuliko vyote, juu dada yake wa Gisenyi anapikia gazi. Ubishi unaendelea mpaka jioni, na hakuna hata mmoja aliyepima kitu. Sisi tumechoka na ubishi huo. Tulichukua mizani, tukaingia katika nyumba moja ya watu saba kule Ndosho, nyumba ya mwenzetu, tukapima. Tunaandika hapa tulichokiona, na kile tunachodai.

Kwanza tuelewane juu ya shida yenyewe. Makala inauzishwa kwa gunia na kwa sashe, gazi kwa kilo, umeme kwa inite. Hivyo vipimo vitatu havisemezani. Ni kama kulinganisha bei ya ndizi kwa mkungu, samaki kwa metre na mafuta kwa litre. Ndiyo maana kila mtu anaweza kusema anachotaka, na kila mtu anaonekana ana haki. Sherti tupate njia ya kuvunja vyote katika franka moja.

Njia iko, na si ngumu. Kilo moja ya makala kavu iko na moto mwingi ndani yake, karibu sawa na inite nane za umeme. Lakini mbabula ya bati, ile tunayotumia wengi wetu, inapeleka ndani ya sufuria sehemu moja tu kati ya tano. Zingine zinapasha ukuta, zinapasha miguu ya mpishi, zinaenda mbinguni. Rishò ya endiksio, ile ya kioo inayopasha sufuria yenyewe bila moto kuonekana, inapeleka ndani ya chakula karibu sehemu themanini na tano kwa mia. Gazi iko katikati: kilo moja ina moto wa karibu inite kumi na tatu, na nusu yake na kidogo inaingia katika sufuria.

Ukifanya hesabu hiyo mpaka mwisho, unapata namba mbili tu za kukumbuka. Kilo moja ya makala katika mbabula ya kawaida inapika sawa na inite mbili za umeme kwenye endiksio. Kilo moja ya gazi inapika sawa na inite nane. Basi. Mama ambaye hajasoma hata darasa moja anaweza kufanya hesabu hii kwenye kichwa: chukua bei ya inite yako, zidisha mara mbili. Ikiwa kilo yako ya makala ni ghali kuliko jibu hilo, umeme unakushinda kwa bei nzuri. Ikiwa ni rahisi kuliko jibu hilo, basi kwa feza peke yake baki na makala, na asije mtu kukuita mjinga. Kwa gazi, zidisha mara nane.

Sasa twende Ndosho. Wiki ya kwanza familia ile ilipika kama siku zote, kwa makala. Asubuhi chai, saa sita wali na maharagi, jioni bugali na sombe, na chai tena juu baba anarudi usiku. Kila asubuhi tulipima makala iliyo katika mfuko, kila jioni tukapima iliyobaki. Kwa siku saba zilienda kilo kumi na saba na nusu, ndiyo kusema kilo mbili na nusu kwa siku. Wao hununua gunia wakipata feza, dola 36, na gunia lile tulilipima: kilo 60, tukiisha kutoa majani ya juu na vumbi ya chini. Hiyo ni senti 60 kwa kilo. Kwa siku, dola moja na nusu. Kwa mwezi, dola 45.

Tusimame kidogo hapo. Gunia si kipimo. Gunia lile lile, bei ile ile, likijazwa makala ya mti mwepesi linaweza kuwa na kilo nyingi pungufu, na likilowa mvua njiani unanunua mayi kwa bei ya moto. Halafu jirani yao, mama ambaye hana dola 36 kwa mara moja, ananunua sashe kila asubuhi. Tulipima sashe zake pia. Kilo yake inafika karibu senti 80. Yaani yule mwenye feza kidogo njo analipa zaidi kwa moto ule ule, na kwa mwezi, akipika sawa na jirani yake, analipa dola 15 zaidi. Hakuna aliyepitisha sheria hiyo, lakini inafanya kazi kila siku kuliko sheria zingine zote za inchi hii.

Wiki ya pili tuliwaletea rishò ya endiksio na sufuria ya umeme ya kupikia muchele, vyote vya kuazima. Kontere yao inahesabu senti 25 kwa inite. Kila mara kabla ya kupika tuliandika namba ya kontere, na tena baada ya kupika, huku friji na pasi zimetolewa kwenye ukuta ili zisituchanganye. Umeme ulikatika jioni mbili, kwa hiyo tunahesabu siku tano tu.

Chai ya litre mbili inakula inite 0.2. Hiyo ni senti tano. Hapa njo pale makala inapigwa vibaya kabisa, juu mbabula huwezi kuiwasha kidogo. Unaijaza, unasubiri iwake dakika ishirini, unapika chai dakika kumi, halafu makala inaendelea kuwaka peke yake bila sufuria juu yake. Mama wa nyumba alicheka alipoona namba. Alisema miaka yote hiyo alikuwa anapikia kiwanja.

Wali wa kilo moja katika sufuria ya umeme ulikula inite nusu. Ile sufuria ni kitu cha akili ingawa ni rahisi sana ndani yake. Chini iko na kipande kinachosikia joto. Maadamu mayi iko, joto haliwezi kupita kiwango cha mayi kuchemka; mayi ikiisha kunywewa na muchele, joto linapanda, kile kipande kinaachia, na sufuria inajizima. Hakuna moto wa bure. Lakini angalieni: haizimiki kabisa. Inaingia katika ile taa ya pili, ya kuweka chakula na joto, na pale inaendelea kuvuta wati kama arobaini. Kidogo, ndiyo. Lakini ukiiacha tangu saa sita mpaka saa mbili ya usiku, inakula karibu inite 0.3, zaidi ya nusu ya ile iliyopika wali wote. Siku ya kwanza familia iliiacha hivyo, na sisi tuliona namba inapanda bila kuelewa nani anapika. Toa fishi kwenye ukuta, funika na blanketi, wali utakaa na joto bila kulipa.

Maharagi ni habari ingine. Goma tuko kwenye metre 1500 hivi juu ya bahari, na hapa mayi inachemka kwa digrii 95, si 100. Kwa hiyo maharagi yetu yanachelewa kuiva kuliko ya watu wa Kinshasa, hata moto uwe mkali namna gani. Kuongeza moto hakuongezi joto la mayi; kunaongeza tu mvuke. Kilo moja ya maharagi makavu, bila kulowekwa, ilikula inite 1.4 kwenye endiksio: karibu inite 0.4 kuchemsha, halafu inite moja nzima kutokota masaa mawili na nusu kwenye moto mdogo. Siku ya tatu mama aliyaloweka usiku, akamwaga mayi ile asubuhi, na maharagi yaleyale yakala inite 0.9. Hiyo ni tofauti kubwa kuliko mashine yoyote tunayoweza kuwauzishia, na bei yake ni ndoo ya mayi. Mwenye sufuria ya kufunga ya mgandamizo anaweza kushuka chini zaidi, juu ndani yake mayi inapita digrii mia na mlima hauhesabiki tena.

Bugali ulichukua inite nusu, sombe karibu 0.9 juu inatokota muda mrefu. Tukijumlisha siku nzima, chai mbili, wali, maharagi yasiyolowekwa, bugali na sombe, tunapata inite 3.7. Kwa senti 25, hiyo ni senti 93 kwa siku, dola 28 kwa mwezi. Kumbuka makala ilikuwa dola 45. Mtu wa hesabu atasema: lakini kwa kanuni yenu, kilo mbili na nusu ni inite tano, si 3.7! Ana haki. Ile inite moja na kidogo iliyopotea ni mbabula inayowaka bila sufuria, kila siku, asubuhi na jioni.

Gazi hatukuipima katika nyumba ile. Tunahesabu tu kwa kanuni. Chakula kilekile kinaomba karibu gramu 450 kwa siku. Kama kilo ni dola mbili na nusu, ni dola moja na senti kumi na mbili kwa siku, karibu dola 34 kwa mwezi. Iko kati ya umeme na makala. Shupa ya kilo 12 na nusu inaenda karibu wiki nne. Lakini hiyo kilo 12 na nusu iwe ya kweli. Kwenye shingo ya kila shupa kuna namba iliyochongwa: uzito wa shupa tupu. Pima shupa yako pale pale kwa muuzishaji, toa ile namba, kinachobaki ndicho gazi. Sisi tumeshapewa shupa iliyopungukiwa na kilo moja na nusu, na aliyeuzisha alituambia «ni valve». Na ukiona moto wa gazi ni wa njano na unaacha masizi chini ya sufuria, hauchomi vizuri, unalipa mara mbili. Moto mzuri ni wa buluu, na haupiti kando ya sufuria.

Kuna watu wanatuuliza kwa nini gazi ni ghali na ziwa Kivu limejaa gazi. Ile ya ziwa ni metani. Ile ya shupa ni propani na butani, inakuja kwa lori kutoka mbali. Upande wa Rwanda, metani ya ziwa inatoa umeme tangu 2016 katika KivuWatt. Haingii katika shupa yako. Upande wetu tunaendelea kusubiri, ziwa ni lilelile.

Sasa tuseme mabaya ya umeme, juu tukinyamaza mtatuita wauzishaji. Endiksio inakataa sufuria zetu. Sufuria za aluminiamu, zile za kuyeyusha vyuma vya zamani na zile za sokoni zinazong'aa, hazifanyi kazi juu yake hata kidogo. Chukua sumaku, ile ya spika iliyoharibika inatosha, iweke chini ya sufuria: ikishika, itapika, isiposhika, usipoteze feza. Familia ya Ndosho haikuwa na hata moja iliyoshika. Rishò na sufuria mbili za chuma, tuseme dola 70. Kwa akiba ya dola 17 kwa mwezi, hizo zinarudi baada ya miezi minne na kidogo. Kwa mwenye mshahara ni kitu kidogo. Kwa mama wa sashe, dola 70 ni kama kumuomba anunue moto ya gari.

Halafu waya. Endiksio kwenye nguvu yote inavuta wati 2000. Kama disjonkta yako ni ya ampere tano, unaweza kupitisha wati 1100 tu, na itaruka kila mara utakapoiongeza. Kama umeme wako umetoka kwa jirani kwa waya mwembamba uliopita juu ya bati, usiweke endiksio kabisa. Gusa waya baada ya dakika kumi: ukiwa na joto, zima. Tumeona fishi zilizoyeyuka. Sufuria ya muchele inavuta wati 500 mpaka 700, na hiyo inaweza kukubali hata katika nyumba ya waya dhaifu. Saa moja ya usiku, watu wote wakiwasha, nguvu ya umeme inashuka; endiksio inajizima na kulia, sufuria ya muchele inachelewa tu. Kwa hiyo kama mtu anatuuliza aanze na nini, tunamwambia: sufuria ya muchele kwanza. Chai na wali zitoke kwenye makala, maharagi na sombe zibaki huko mpaka utakapoweza.

Na umeme unakatika. Mei 2021 Nyiragongo ilipotapika, na tena Januari 2025 wakati wa vita, mji huu ulijua maana ya kukaa bila umeme na bila mayi. Hakuna mwenye akili atakayevunja mbabula yake. Lakini mkiirudia siku ya mvua, msiipikie ndani ya nyumba iliyofungwa. Sisi wa Goma tunaijua mazuku, ile hewa ya shimoni inayoua mbuzi na watoto bila harufu. Hewa ya makala ni ingine, si ile, lakini nayo haina harufu, na inaua watu wakiwa usingizini.

Kwa nini sisi, mwendo wa wanainchi, tunaingia katika sufuria za watu? Juu kilo moja ya makala ya tanuru ya udongo inaomba karibu kilo saba za mti, na sehemu kubwa ya mti huo inatoka Virunga, hifadhi ya tangu 1925, ambamo makundi yenye silaha yanakata na kutoza ushuru. Walinzi wanakufa kule. Miradi ya kupanda miti ya makala, kama EcoMakala iliyoanza 2007, imesaidia, lakini mji unakua haraka kuliko mkaratusi. Hata hivyo hatukubali maneno ya wale wanaopiga kelele kwamba mama wa Majengo njo anaharibu mbuga. Yeye ananunua moto anaoupata kwa feza aliyo nayo asubuhi ile. Mpe umeme wa senti 25 unaokaa, na uone kama ataendelea kupuliza makala na macho mekundu.

Basi tunadai vitu vitatu, na tunavidai kwa majina ya kazi, si ya watu. Wanaouzisha umeme katika mji huu waandike wazi, kwa Kiswahili, ukutani kwa ofisi zao, bei ya inite, na kila feza nyingine wanayoikata kabla inite haijafika kwenye kontere. Risiti iseme vyote. Na kuunganishwa kulipwe kidogo kidogo pamoja na inite, ili mama wa sashe naye aingie. Mji uweke mizani katika kila soko kubwa, na makala na gazi zipimwe pale mbele ya mnunuzi. Na wale wanaokusanya ushuru wa makala njiani, wenye kofia na wasio na kofia, watoe karatasi au waache kukusanya, juu kila bariere inaingia katika ile senti 80.

Kwa sasa hatuwezi kungojea. Andikeni namba ya kontere kabla ya kupika na baada ya kupika, kwa siku tatu, pamoja na chakula mlichopika na idadi ya watu waliokula, mtuletee. Tunataka nyumba za Katoyi, za Birere, za Himbi pia, si Ndosho peke yake. Mizani tunayo. Jumamosi asubuhi tutakuwa nayo kwenye soko la Kituku, karibu na mahali makala inaposhuka, na mtu yeyote anaweza kuja kupimisha gunia lake bila kulipa. Wauzishaji nao wakaribie. Wale wanaojaza vizuri hawana la kuogopa.